Gramu 42.6 kwa bei ya karati 14: sonara amekata wapi?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga. Marehemu bibi aliniachia bangili mbili zenye alama 916, mkufu wenye 750, pete yenye jiwe jekundu na alama 375, na hereni moja isiyo na mwenzake wala alama yoyote. Kwa mzani mdogo wa mpwa wangu bangili zote mbili ni gramu 24, mkufu 10.4, pete 5.2, hereni 3. Sonara alivipima vyote pamoja akapata 42.6. Akasema kwa kuwa vimechanganyika, wastani wake ni karati 14, na atanilipa bei kamili ya soko ya karati 14, shilingi 187,500 kwa gramu, bila kukata chochote. Jumla 7,987,500. Mzani wake na wa mpwa wangu umetoa namba ileile, lakini kaka anasema napunjwa. Napunjwa wapi?"

Marahaba. Kaka yako yuko sahihi. Mzani haukukudanganya, na bei ya karati 14 aliyokutajia ni ya kweli kabisa. Kilichokuumiza ni lile neno "wastani".

Tuanze na namna bei inavyojengwa, maana ukiishika utaweza kupiga hesabu hii mwenyewe ukiwa umesimama dukani. Dhahabu duniani huuzwa kwa wakia. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, wala si ile ya gramu 28.35 inayotumika kupimia vitu vingine, na bei yake hutajwa kwa dola. Kwenye simu utaiona ukitafuta XAU/USD. Inabadilika kila dakika, lakini London hutangaza bei rasmi mara mbili kwa siku, na ile ya kwanza kwa saa zetu hutoka saa saba na nusu mchana, au saa sita na nusu wakati Waingereza wamesogeza saa zao mbele. Gawanya bei hiyo kwa 31.1, zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, utapata thamani ya gramu moja ya dhahabu safi kwa shilingi.

Nitatumia namba za mviringo: dola 4,000 kwa wakia na shilingi 2,500 kwa dola. Gramu moja safi inakuwa takriban shilingi 321,500. Sikuzichagua hovyo. Karati 14 maana yake ni sehemu 14 za dhahabu katika 24, yaani 0.583. Ukigawanya ile 187,500 ya sonara wako kwa 0.583 unapata karibu 321,600. Kwa hiyo hata yeye alikuwa akihesabu kwa bei hiyohiyo. Siku utakayokwenda kuuza, weka namba za siku hiyo, hesabu haibadiliki.

Sasa zile alama. Namba iliyogongwa kwenye kito inakuambia ni sehemu ngapi za dhahabu safi zimo katika kila elfu moja. Alama 916 ni karati 22, 875 ni karati 21 inayopendwa sana nchi za Ghuba, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9, ambayo wengi huidharau lakini Waingereza waliitumia sana. Sehemu iliyobaki ni shaba na fedha, na hizo sonara hakulipi. Jihadhari na 925. Wengi huidhani ni dhahabu bora kuliko 916 kwa kuwa namba ni kubwa zaidi, kumbe ni alama ya madini ya fedha, na kito cha rangi ya dhahabu chenye 925 ni fedha iliyopakwa. Herufi kama GP, GF au HGE nazo ni za vitu vilivyopakwa au kufunikwa dhahabu juu tu.

Ukizidisha uzito wa kito kwa alama yake unapata gramu za dhahabu safi zilizomo, na hizo ndizo unazouza. Bangili zako, gramu 24 mara 0.916, zina karibu gramu 22 safi. Mkufu, 10.4 mara 0.75, una 7.8. Pete ina jiwe ndani, na jiwe si dhahabu. Tuseme jiwe ni gramu moja, zibaki 4.2, mara 0.375 ni gramu 1.6 hivi. Hereni tuiweke pembeni kabisa, tuihesabu kama bati. Hata hivyo tayari una gramu 31.4 safi, na kwa 321,500 hizo ni zaidi ya shilingi milioni 10.

Sonara alitaka kukupa 7,987,500. Hiyo ni kama asilimia 79 ya thamani hata baada ya sisi kuitupa hereni na kulitoa jiwe. Ikiwa hereni ni dhahabu, asilimia inashuka zaidi. Huyo aliyesema hakati chochote amekata zaidi ya moja ya tano.

Karati 14 aliitoa wapi? Pengine alichukua aina nne za vitu, 22 na 18 na 9, hereni akaihesabu 9 kwa kuwa haina alama, akajumlisha akapata 58, akagawa kwa nne: 14 na nusu. Akakata ile nusu. Hesabu hiyo ingefaa kama kila aina ingekuwa na uzito sawa. Lakini bangili peke yake ni zaidi ya nusu ya mzigo wote, na ndizo zenye karati ya juu. Wastani unaofuata uzito, hata ukiacha jiwe ndani ya ule 42.6 na ukaihesabu hereni kuwa karati 9, unafika 18. Utaona pia kwa nini bei yake ilionekana tamu: kwenye pete alikuwa anakupa 975,000 wakati dhahabu iliyomo ni ya kama 506,000. Amekuzidishia huko, halafu kwenye bangili amelipa 4,500,000 kwa dhahabu ya milioni 7 na kidogo. Sitamwita mwizi, maana wapo wanaofanya hivi kwa mazoea. Ila mazoea hayo hayajawahi kumpunguzia sonara faida.

Basi jambo la kwanza: usikubali vitu vya karati tofauti vipande mzani kwa pamoja. Kila karati ipimwe peke yake, iandikwe peke yake, na itajiwe bei yake. Sonara akisema ni usumbufu, kusanya vitu vyako uondoke.

La pili ni kujua karati kwa hakika, kwa sababu alama peke yake haitoshi, kwako wala kwake. Alama ya mkufu kwa kawaida huwa kwenye kifungo au kwenye kibati kidogo kilicho karibu nacho, na vifungo hubadilishwa. Mkufu wa karati 14 unaweza kuwa umewekewa kifungo cha 750 kilichotoka kwenye mkufu mwingine miaka ishirini iliyopita, na kinyume chake pia hutokea. Kwa hiyo mkufu upimwe kwenye pingili zake. Ukijaribu kwa sumaku, kifungo kikivutwa kidogo usishtuke, kwa kuwa ndani yake mna springi ya chuma. Pingili zikivutwa, hapo pana tatizo.

Masonara wengi hupima kwa jiwe jeusi na tindikali. Anasugua kito juu ya jiwe mpaka kiache mstari, anasugua pembeni yake sindano ya mfano ambayo karati yake inajulikana, kisha anadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili na kutazama upi unafifia kwanza. Akifanya kwa mkono mzuri, njia hii inatosha kutofautisha 9 na 14, au 14 na 18. Haitoshi kutofautisha 21 na 22 kwa uhakika. Na ikiwa hakusugua sindano ya mfano, hakupima kitu. Ameangalia rangi tu. Kuna jambo lingine la kuangalia hapa. Kito kilichopakwa dhahabu nene kitaacha mstari wa dhahabu nzuri, ndiyo maana sonara huanza kwa kukikwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana. Ana haki ya kufanya hivyo. Mwombe akwaruze juu ya karatasi nyeupe, mkwaruzo mmoja mdogo, na ule unga urudi kwenye mzani pamoja na kito chako. Tupa inayopita mara nane kwenye bangili ya karati 22, huku unga ukianguka ndani ya droo, si kipimo tena.

Miji mikubwa ina maduka yenye mashine ya eksirei. Unaweka kito, inasoma sekunde chache, inakuandikia asilimia ya dhahabu, shaba, fedha na kadhalika. Ni nzuri kuliko tindikali na haiharibu kito. Upungufu wake ni kwamba inasoma ngozi ya juu tu, sehemu ndogo mno ya milimita, kwa hiyo kito kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuidanganya. Omba isome zaidi ya mahali pamoja: upande wa nje wa bangili, upande wa ndani uliosuguana na ngozi miaka mingi, na pale penye kiungo. Kwenye kiungo itasoma chini kidogo kwa sababu ya lehemu, na hilo ni la kawaida. Usikubali namba ya kiungo itumike kama karati ya bangili nzima.

Bangili zako, kwa kuwa ndizo zilizobeba fedha nyingi, zinaweza kupimwa nyumbani kabla hujatoka mlangoni. Chukua mzani wa mpwa wako. Kama anaweza kuazima unaoonyesha desimali mbili ni bora zaidi. Weka juu yake bilauri ya plastiki yenye maji, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga bangili zote mbili kwa uzi mwembamba, zizamishe mpaka zifunikwe na maji, zikiwa zinaning'inia bila kugusa kitako wala ukuta wa bilauri. Tikisa kidogo viputo vya hewa vitoke. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 24 kwa namba hiyo. Dhahabu ya karati 22 huwa kwenye 17.8 hivi, kwa hiyo mzani utaonyesha karibu 1.35. Karati 18 ni kati ya 15 na 16, na mzani utaonyesha kama 1.55. Shaba nyeupe au shaba ya njano iliyopakwa itaonyesha karibu 2.8, na hapo hakuna ubishi.

Ukipata jibu la katikati, tuseme 12, usikimbilie kulia. Bangili za zamani za mtindo wa Kihindi mara nyingi huwa tupu ndani, na nyingine hujazwa nta ngumu au utomvu ili zisibonyee. Bangili ya namna hiyo huonekana nyepesi ndani ya maji hata ikiwa ni karati 22 kweli. Lakini ikiwa imejazwa, sehemu ya zile gramu 24 si dhahabu, na sonara atataka kuifungua kabla hajataja bei. Hapo hana kosa. Afungue mbele yako, atoe kilichomo, apime tena ganda tupu. Kipimo hiki cha maji hakifai kwa pete yenye jiwe, na kwa mkufu mwembamba hewa hujificha ndani ya pingili ikaharibu jibu.

Tuje kwenye mzani wenyewe, ingawa safari hii haukuwa na kosa. Mzani wa sonara uonyeshe desimali mbili, uwe umefunikwa au uwe mbali na feni, usome 0.00 kabla kito hakijawekwa, na uso wake ukutazame wewe. Tazama herufi zilizo pembeni ya namba. Ikiwa ni g, ni gramu. Mizani ya vito ina kitufe cha kubadili kipimo, na ikisomeka dwt ni kipimo kingine chenye gramu 1.555. Mzigo wako wa gramu 42.6 ungeonyesha 27.4, na mtu akikulipa 27.4 kwa bei ya gramu umepoteza zaidi ya theluthi bila mzani kusema uongo. Wazee wengine wa pwani bado wanazungumza kwa tola, ambayo ni gramu 11.66. Akikutajia bei kwa tola, igawanye kwa 11.66 kabla hujajibu. Mzani wa biashara Tanzania hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika yenye mwaka, itazame. Zaidi ya hapo, beba kitu kidogo ulichokwisha kukipima nyumbani, kijiko cha chai kwa mfano, umwombe akipime kwanza.

Usikubali pia kupunguziwa desimali. Gramu 10.4 ikiandikwa "kumi" kwenye mkufu wako, zile 0.4 ni shilingi 96,000 na ushee. Na kisingizio cha uchafu kiondoe mapema: loweka vitu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, sugua kwa mswaki laini, suuza, kausha. Uchafu uliokuwa kwenye pingili hautafika hata sehemu ya kumi ya gramu, lakini sonara atataka kukukatia gramu nzima kwa ajili yake.

Lehemu ni hoja tofauti, na mara nyingine ni ya haki. Mkufu wa mkono wenye pingili nyingi zilizounganishwa moja moja, au kidani cha nakshi za waya, una lehemu nyingi, na lehemu ya zamani ilikuwa ya karati ya chini kuliko kito. Kikiyeyushwa chote, kinachotoka hakifikii 916. Kukatwa asilimia mbili tatu hapo kunaeleweka. Bangili ya mviringo isiyo na nakshi ina kiungo kimoja, au haina kabisa. Akikukatia lehemu kwenye bangili, mwulize akuonyeshe hiyo lehemu iko wapi.

Halafu wapo watakaokuambia: tuyeyushe kwanza tujue ukweli. Usikubali kabla bei ya gramu kwa kila karati haijaandikwa na vitu havijapimwa. Kikishayeyuka, alama imepotea, umbo limepotea, kipande kidogo kimebaki kwenye chungu cha kuyeyushia, na wewe huna tena kitu cha kupeleka duka la pili isipokuwa donge lisilo na jina. Kwa mzigo wako hakuna sababu yoyote ya kuyeyusha, maana vitu viwili vikubwa vina alama na vinaweza kupimwa vikiwa vizima.

Sasa, usitegemee kupata bei ya London yote. Anayenunua ana gharama za kusafisha dhahabu, fedha yake inakaa imefungwa, na bei inaweza kuanguka kesho. Kwa maoni yangu, kito cha karati 22 au 18 kilichopimwa na kisicho na utata kinastahili asilimia 88 mpaka 95 ya thamani ya dhahabu safi iliyomo. Chini ya 85, endelea kutembea. Karati 9 hulipwa kwa uwiano mdogo zaidi, kwa sababu kazi ya kuisafisha gramu moja yake ni ileile lakini dhahabu inayotoka ni kidogo.

Namna ya kujua asilimia ya mtu ni kumwuliza bei kabla hajaona ulichonacho. Piga simu au ingia dukani mikono mitupu: "Leo unanunua gramu ya 22 kwa kiasi gani? Na 18? Na 9?" Ukitaja karati tatu kwa mpigo, atajua anaongea na mtu anayejua. Tuseme anajibu 265,000 kwa 22, 217,000 kwa 18, na 95,000 kwa 9. Gawanya 265,000 kwa 0.916, unapata 289,300. Linganisha na 321,500: asilimia 90. Ya 18 nayo ni 90. Ya 9 ni 79, na kwa karati 9 ningeikubali.

Kwa bei hizo bangili zako ni 6,360,000, mkufu 2,256,800, na pete bila jiwe 399,000. Jumla ni 9,015,800, na hereni bado iko mkononi mwako. Ikipimwa ikawa karati 9 inaongeza 285,000. Ikiwa ni karati 21, na hereni za zamani za pwani zilizotoka Uarabuni zinaweza kuwa hivyo bila alama yoyote inayosomeka, kwa asilimia ileile 90 ni kama 759,000 nyingine, na jumla inavuka milioni 9 na laki saba. Huyu "anakata" asilimia kumi waziwazi, na bado amekuzidishia kati ya milioni moja na milioni moja na laki nane juu ya yule asiyekata.

Uliza maduka matatu siku moja, ikiwezekana asubuhi ileile, maana bei za siku tofauti hazilinganishiki. Ukimpata anayefaa, andikeni karatasi yenye mistari minne: kito, karati iliyopatikana kwa kipimo, gramu, bei ya gramu. Sonara makini atakuomba kitambulisho na kukuuliza vitu vimetoka wapi, kwa sababu naye anaogopa kununua mali ya wizi. Usichukie, mwenye kuogopa hivyo mara nyingi ndiye mwenye risiti. Kiasi kama hiki kilipwe kwa benki au kwa simu, na bangili zisiondoke mbele ya macho yako mpaka ujumbe wa malipo uingie.

Kabla ya yote hayo kuna maswali mawili ya kumwuliza. La kwanza, kama bangili hazijapinda wala kupasuka, mwulize kama atazing'arisha na kuziweka kabatini kuziuza zilivyo. Akifanya hivyo hana gharama ya kusafisha dhahabu, na unaweza kudai zipande juu ya 90. Akikushawishi ubadilishane na kito kipya badala ya fedha taslimu, mtake kwanza akuambie ufundi wa hicho kipya ni shilingi ngapi kwa gramu. Bei nzuri ya chakavu chako inaweza kuwa imerudishwa humo.

La pili ni jiwe. Sonara anayenunua kwa uzito halilipi jiwe, lakini mara nyingi hulibakiza. Mwombe afungue makucha, alitoe, akupe, ndipo apime pete. Huenda ni kioo tu. Pete nyingi za karati 9 ziliwekewa kioo au jiwe la kutengenezwa. Lakini uko Tanga, mkoa wenye Bonde la Umba linalotoa ganeti za rangi nyingi, na Mahenge kule Morogoro hutoka rubi na spineli. Jiwe la gramu moja ni karati tano, kwa ile karati ya kupimia mawe ambayo haihusiani na karati ya dhahabu: moja ni gramu 0.2. Karati tano za spineli nzuri zinaweza kuwa na thamani kuliko pete yenyewe mara kadhaa. Lipeleke kwa mtu wa vito vya thamani aliangalie kwa kioo cha kukuzia. Akikuambia ni kioo, litie kwenye bahasha pamoja na hereni na urudi ukauze pete; hizo gramu 4.2 hazitakuwa zimepungua.